Swali la kolifomu: kwa nini programu tangulizi huamua mtihani wa HACCP kabla ya uchambuzi kuanza

Kiwanda kidogo cha maziwa kinapokea lita 5,000 kwa siku. Maziwa yanapita kwenye mtambo wa kupasteurisha kwa nyuzi 72 za Selsiasi kwa sekunde 15, yanapozwa hadi nyuzi 4, yanakaa kwenye tangi, halafu yanajazwa kwenye pakiti za nusu lita. Chati ya joto ya siku kumi inaonyesha kwamba maziwa hayakushuka chini ya nyuzi 72.5 hata mara moja. Kipimo cha fosfatezi ni hasi siku zote kumi. Hata hivyo maabara inakuta bakteria wa kundi la kolifomu ndani ya pakiti: 60 kwa mililita katika pakiti ya kwanza ya asubuhi, 15 saa moja baadaye, na chini ya 1 zamu inapoisha. Timu ya HACCP, mfumo wa kuchambua vihatarishi vya chakula na kuvidhibiti kwenye hatua zilizo muhimu, ifanye nini kwanza?

Swali hili nimekuwa nikiwapa wanaojiandaa kwa mitihani ya cheti, wengi wao mafundi wa viwanda na maofisa ubora. Nawapa majibu manne. La kwanza, kupandisha joto hadi nyuzi 75. La pili, kuifanya mashine ya kujazia kuwa sehemu muhimu ya udhibiti, ile ambayo kwenye karatasi huandikwa CCP. La tatu, kuchunguza usafishaji wa mitambo iliyo baada ya kupasteurisha na kuthibitisha kama unafanya kazi. La nne, kuandika upya mpango mzima wa HACCP. Wengi huchagua la kwanza au la pili. Jibu ni la tatu, na ninayetaka kumweleza sababu ni yule aliyekosa, kwa sababu kosa lake halitokani na uvivu wa kusoma. Linatokana na jinsi alivyofundishwa kuzitazama programu tangulizi, yaani taratibu za msingi za usafi zinazotangulia HACCP: maswali mepesi ya mwanzo, ya kunawa mikono na mitego ya panya, ya kupita haraka ili kufika kwenye hesabu za vihatarishi.

Tuanze na ushahidi uliomo ndani ya swali. Fosfatezi ni kimeng'enya kilichomo kwa asili katika maziwa mabichi. Huvunjwa na joto linalozidi kidogo lile linaloua vimelea wa magonjwa wanaolengwa na upasteurishaji, kwa hiyo kipimo kikiwa hasi kinatuambia mambo mawili kwa pamoja: maziwa yalipata joto la kutosha, na hayakuchanganyika tena na maziwa mabichi kwa kiasi kinachoonekana. Kolifomu nao hufa kwenye nyuzi 72 kwa sekunde 15. Wakikutwa ndani ya pakiti huku fosfatezi ikiwa hasi, basi hawakuuponyoka moto. Waliingia baadaye. Ukipandisha joto hadi 75 unayachoma zaidi maziwa ambayo tayari yameiva, na bakteria wanaendelea kusubiri mbele ya bomba. Jibu la kwanza limeanguka hapo.

Ushahidi wa pili watu huuruka, nao ndio ninaoupenda zaidi: mpangilio wa zile namba tatu. Sitini, kumi na tano, chini ya moja. Hesabu inayoanza juu na kushuka inasema uchafu ulikuwa umekaa ndani ya mashine kabla ya kazi kuanza, na maziwa ya kwanza ndiyo yaliyousafisha. Kwa maneno mengine, wateja wa pakiti za asubuhi wamenunua maji ya kusuuzia. Kama namba zingebaki zilezile tangu asubuhi hadi jioni, ningetafuta chanzo kinachovuja bila kukoma, kwa mfano maji ya kupozea yanayopenya kwenye ufa wa bamba la mtambo. Hapo pia fosfatezi ingekuwa hasi, kwa sababu kinachoingia ni maji, si maziwa mabichi. Na kama namba zingepanda kadiri saa zinavyokwenda, ningefikiria kwamba bakteria wanazaliana ndani ya njia wakati kazi inaendelea, kwenye gasketi iliyochakaa au kipande cha bomba kisichopitiwa na mkondo. Kuthibitisha, huchukuliwa sampuli pointi kwa pointi: penye kutokea mtambo wa kupasteurisha, penye kutokea tangi, kabla ya mashine ya kujazia, na ndani ya pakiti. Mahali namba inaporuka ndipo tatizo lilipo.

Jibu la pili ni gumu zaidi kulikataa, na sidhani mtahini mwenye haki angemcheka anayelichagua. Mtu anafikiri hivi: uchafuzi unatokea kwenye mashine ya kujazia, hakuna hatua ya mbele ya kuua vimelea, kwa hiyo hapo ndipo penye sehemu muhimu ya udhibiti. Hoja ina nusu ya ukweli. Muulize anapima nini wakati kazi inaendelea. Akisema kolifomu, mkumbushe kwamba kuotesha kolifomu huchukua takriban saa 24, na kufikia hapo maziwa yako dukani. Ufuatiliaji wa sehemu muhimu ya udhibiti unatakiwa ukuambie kwamba umevuka ukomo ukiwa bado na uwezo wa kuizuia bidhaa. Joto la kupasteurisha linaweza: likishuka, vali inayarudisha maziwa nyuma yenyewe, na chati inaandika dakika ilipotokea. Kolifomu hawawezi. Wanakuja kama taarifa ya jana. Kazi yao ni kuthibitisha kwamba usafi umefanyika, na uthibitisho haugeuki kuwa ufuatiliaji kwa sababu tu tumeuita hivyo kwenye jedwali.

Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, katika Kanuni za Jumla za Usafi wa Chakula zilizorekebishwa mwaka 2020, inazieleza programu tangulizi kuwa zile zinazojumuisha kanuni bora za usafi, za kilimo na za uzalishaji, pamoja na mambo kama mafunzo na ufuatiliaji wa bidhaa ilikotoka na ilikokwenda, ambazo zinaweka mazingira ya msingi ya kuusimamisha mfumo wa HACCP. Kwa hiyo swali la mtihani linalouliza tofauti kati ya kanuni bora za uzalishaji na programu tangulizi lina jibu fupi: ya kwanza ni sehemu ya ya pili. Mwaka 2022 Codex ikaongeza mti mpya wa maamuzi, na swali lake la kwanza kabisa ni hili: je, kihatarishi hiki kikubwa kinaweza kudhibitiwa katika hatua hii na programu tangulizi hadi kiwango kinachokubalika? Ukijibu ndiyo, hatua hiyo si sehemu muhimu ya udhibiti. Mti wa zamani ulianza kwa kuuliza kama kuna hatua za udhibiti. Madaftari mengi yanayozunguka kwenye makundi ya kujisomea bado yana mti ule wa zamani, na mtu anayeutumia huzalisha sehemu muhimu za udhibiti kumi na mbili kwenye kiwanda kinachohitaji mbili. Nimeiona mipango ya namna hiyo. Mhudumu mmoja wa zamu anatakiwa ajaze fomu kumi na mbili kila nusu saa, na hata ile ya joto, ambayo kweli inalinda maisha, inajazwa kwa mkupuo mwisho wa siku.

Sasa tuingie kwenye usafishaji wenyewe, maana hapo ndipo swali linapokuwa na nyama. Mitambo ya maziwa husafishwa bila kufunguliwa, kwa kuzungushia dawa ndani ya mabomba. Utaratibu wa kawaida huanza kwa kusuuza na maji, kisha kostiki ya asilimia 1 hadi 1.5 kwa nyuzi 75 hivi kwa dakika 20 ili kung'oa mafuta na protini, kisha kusuuza, kisha asidi ya nitriki ya chini ya asilimia 1 ili kuyeyusha madini ya maziwa yaliyoganda, kisha kusuuza tena. Mwisho ni kuua vimelea waliobaki, kwa maji ya moto au kwa dawa, na huku ndiko kunakopaswa kufanywa muda mfupi kabla ya uzalishaji. Mkondo ndani ya bomba unatakiwa uwe na kasi ya angalau mita 1.5 kwa sekunde, vinginevyo dawa inateleza juu ya uchafu bila kuusugua.

Katika kisa chetu, fomu ya usafi ya kiwanda ina safu tatu tu: tarehe, jina, na neno "safi". Haina joto wala nguvu ya dawa, na muda haukuandikwa. Unapomhoji mhudumu anakueleza kwa uaminifu kabisa kwamba dawa ya kuua vimelea hupitishwa jioni, mara baada ya kostiki, kwa sababu asubuhi magari yanasubiri. Mashine inalala usiku kucha ikiwa na unyevunyevu ndani, kwenye joto la chumba. Wachache waliosalimika kwenye mdomo wa kujazia wanazaliana hadi alfajiri, na pakiti ya kwanza inawabeba. Ndiyo maana ya ile 60. Hakuna aliyekiuka utaratibu ulioandikwa, kwa kuwa utaratibu ulisema tu mashine isafishwe kila siku. Programu tangulizi ilikuwepo kwenye faili na haikuwepo kwenye bomba.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kunisimamisha hapa. "Mwalimu, samahani. Kama usafi ni programu tangulizi, na programu tangulizi imeshindwa, si ndiyo tuipandishe iwe CCP ili watu waiheshimu?" Nilimjibu kwamba CCP haipewi kitu kwa ajili ya heshima. Lakini swali lake lilinipeleka kwenye jambo ambalo mitihani mizuri huliuliza na mibaya hulikwepa: je, unapotoa alama za uwezekano wa kihatarishi kutokea, unazihesabu programu tangulizi au huzihesabu?

Chukua Listeria, bakteria anayeweza kukua taratibu hata kwenye jokofu la nyuzi 4 na ambaye ni hatari hasa kwa wajawazito na wazee. Timu ya kiwanda hiki ilimwandika hivi kwenye jedwali lake, katika hatua ya kujaza pakiti: ukubwa wa madhara 5, uwezekano 1, jumla ya kuzidisha 5. Kwa kuwa walikubaliana kwamba chini ya 10 si kihatarishi kikubwa, walimfuta na kuandika pembeni "anadhibitiwa na usafi". Ile 1 ilitoka wapi? Ilitoka kwenye imani kwamba usafishaji unafanya kazi, na imani hiyo ilitoka kwenye neno "safi". Ukiweka mezani matokeo ya kolifomu ya siku kumi, ambayo ni ushahidi kwamba njia ya uchafuzi baada ya joto iko wazi, huwezi tena kuandika 1. Andika 3 na utapata 15. Kihatarishi kilekile, hatua ileile, sasa ni kikubwa. Uchambuzi wote umebadilika kwa sababu ya fomu ya usafi.

Na hapa ndipo mtahiniwa anapaswa kujua anafanya mtihani wa nani. Codex inataka uwezekano upimwe ukizingatia programu tangulizi zilizopo, bila kuhesabu udhibiti wa ziada. ISO 22000 ya mwaka 2018, kiwango cha kimataifa cha mifumo ya usalama wa chakula, inataka uwezekano wa kihatarishi kuwemo kwenye bidhaa ya mwisho upimwe kabla ya hatua za udhibiti kutumika. Kanuni za Marekani chini ya sheria ya usalama wa chakula ya mwaka 2011 nazo huuliza hali ingekuwaje bila udhibiti wa kuzuia. Swali moja linaweza kuwa na jibu "si kikubwa" kwenye mtihani unaofuata Codex na "ni kikubwa" kwenye mwingine, na yote mawili yakawa sahihi. Ushauri wangu, na huu ni msimamo wangu, ni kwamba hata unapofuata Codex, programu tangulizi ipewe sifa ya kupunguza uwezekano pale tu ambapo kuna kumbukumbu zinazoonyesha inafanya kazi. Isiyo na ushahidi ihesabiwe sifuri. Najua kuna walimu wanaosema hivyo ni kuchanganya uchambuzi na ukaguzi. Siwaungi mkono, kwa sababu mteja wa pakiti ya kwanza hajui mpaka huo.

Tukishakubali kwamba Listeria ni kihatarishi kikubwa hatuna tena sababu ya kukimbilia CCP, kwa kuwa pana nafasi ya katikati. ISO inaiita programu tangulizi ya kiutendaji, OPRP kwenye karatasi. Codex ya 2020 inasema baadhi ya kanuni za usafi zinahitaji uangalizi wa ziada, na usafishaji wa vifaa vinavyogusa chakula kilicho tayari kuliwa ni mfano unaokaa hapo vizuri. Kwa kiwanda chetu, hii inamaanisha kuandika vigezo ambavyo mhudumu anaweza kuviona kabla ya kuwasha mashine: kostiki inarudi ikiwa na angalau nyuzi 72 kwa dakika 20, na maji ya nyuzi 85 yamepita kwenye midomo ya kujazia kwa dakika 15 asubuhi hiyohiyo. Kisipotimia kimojawapo, maziwa hayaingii. Namba hizi kiwanda kitazithibitisha chenyewe kwa kuchukua sampuli kabla na baada. Haziokotwi kwenye kitabu na kubandikwa ukutani.

Kuna mtego mdogo wa istilahi hapa ambao umewagharimu watu alama. Kwa ISO, ukomo wa CCP lazima upimike kwa namba, wakati kigezo cha programu tangulizi ya kiutendaji kinaweza kupimwa au kuonwa kwa macho. Kwa Codex ya 2020, hata ukomo wa CCP unaweza kuwa wa kuonwa. Ukikuta swali linasema "ukomo wa CCP lazima uwe namba", tazama kichwa cha karatasi kabla ya kuandika kweli au si kweli.

Ili tofauti isibaki hewani, rudi nyuma hadi kwenye mapokezi ya maziwa ya kiwanda hichohicho. Wafugaji wanaleta maziwa kwa pikipiki, baadhi kwenye makopo ya chuma yenye mdomo mpana, baadhi kwenye madumu ya plastiki ambayo mkono haupiti ndani kuyasugua. Usafi wa vyombo hivyo ni programu tangulizi: unaupunguza mzigo wa bakteria kwa ujumla, hauhusu chombo kimoja kwa saa fulani, na dumu moja likiwa chafu mtambo wa joto uko mbele. Lakini kwenye meza ileile ya mapokezi kuna kipimo cha mabaki ya dawa za antibiotiki. Kijiti kinachochovywa kwenye maziwa kinatoa jibu ndani ya dakika chache. Jibu ni ndiyo au hapana kwa shehena hiyo hiyo, shehena iliyofeli inakataliwa papo hapo, na hakuna hatua ya mbele itakayoyaondoa mabaki hayo, kwa sababu joto la kupasteurisha haliyavunji kiasi cha kutegemewa. Viwanda vingi huiweka hatua hiyo kuwa CCP, na wana sababu. Mahali pamoja, watu walewale, asubuhi ileile, na majibu mawili tofauti. Mtahiniwa aliyekariri kwamba "mapokezi ni programu tangulizi" atakosa; aliyejiuliza kinachopimwa, kwa haraka gani, na shehena itafanywa nini ikifeli, atapata.

Mitihani mingi niliyoiona inauliza sehemu hii kwa njia ya orodha: ipi kati ya hizi si programu tangulizi, udhibiti wa wadudu, ubora wa maji, afya ya wafanyakazi, au upasteurishaji? Kila mtu anapata alama. Ningependa watahini waweke mbele ya mtahiniwa fomu moja ya usafi iliyojazwa, mbovu kama ile ya "safi", pamoja na jedwali la vihatarishi lenye ile 1, na kuuliza kama namba hiyo inaruhusiwa kusimama. Swali kama hilo halijibiwi kwa kukariri, na linamlazimisha mtu aelewe kwa nini sehemu ya programu tangulizi imetangulia ya uchambuzi kwenye kiwango na kwenye mtihani.

Inabaki pakiti za siku kumi. Anayejibu jibu la tatu na kuishia kwenye usafishaji amejibu nusu, kwa sababu programu tangulizi iliyoshindwa nayo hudai tathmini ya bidhaa iliyotoka chini yake. Zilizo bado kwenye chumba cha baridi zizuiwe. Saa ya kuanza kujaza kila siku itafutwe kwenye kumbukumbu, ili pakiti za mwanzo zitenganishwe na za mwisho wa zamu, maana mpangilio wa namba umeshatuambia hazikuchafuka sawa. Za mwanzo zipimwe Listeria kabla ya mtu yeyote kusaini kwamba zitoke. Zilizokwisha kuuzwa zifuatwe kwa namba ya siku iliyochapwa kwenye pakiti, na uamuzi wa kuzirudisha utegemee matokeo hayo. Kama namba ya siku haikuchapwa, na kwenye viwanda vidogo nimekuta mara kadhaa haikuchapwa, basi kuna programu tangulizi ya pili iliyoshindwa kabla hatujaanza kuhesabu.